Mstari Uliopita Chini ya Nyuki

Bibi alipofariki aliwaachia shangazi zangu wawili shamba la Tura, na aliliacha na masharti. Ligawanywe sawasawa. Kila mmoja afike kisimani bila kukanyaga kwa mwenzake. Kila mmoja atokee barabarani bila kuomba njia. Baba yangu, ambaye ndiye mtoto wake wa kiume pekee, alipewa kazi ya kuhakikisha hayo yanatimia, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari moja ya Tabora mjini, alinipigia simu akaniambia nipande treni Jumamosi.

"Wewe unalipwa kwa hesabu," alisema. "Njoo ulipe fadhila."

Shamba lenyewe lina pembe tatu. Upande mmoja unafuata barabara ya zamani, ile ambayo bibi alikuwa akituambia wapagazi walipita wakielekea Tabora na pembe za ndovu mabegani, na ambayo siku hizi inapitiwa na bodaboda na mbuzi. Upande wa pili unafuata korongo. Upande wa tatu unapakana na karanga za jirani. Korongo na karanga vinakutana mbali na barabara, kwenye pembe ya juu, na hapo ndipo kilipo kisima.

Nilipoona tu nikajua la kufanya. Unatafuta katikati ya upande wa barabara, unapiga kigingi, halafu unavuta mstari ulionyooka kutoka kigingi hadi kisimani. Kila shangazi anapata nusu ya barabara, wote wawili wanafika kisimani, na maeneo yanalingana kabisa. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wangeliona hilo, wengine hata wakiwa wanasinzia.

"Vizuri," alisema baba. "Sasa tupime urefu wa huo mstari nikanunue seng'enge."

Hapo ndipo lilipokuwa tatizo. Katikati ya shamba, karibu juu ya mstari huohuo, umesimama mninga mkubwa, na kwenye matawi yake bibi alitundika mizinga. Nyuki wa bibi hawakuwa wa kawaida. Walimvumilia yeye peke yake. Shangazi mkubwa aliwahi kwenda kuchuma uyoga chini ya mti ule akarudi mbio huku khanga imebaki porini. Kuwafukizia moshi inawezekana, lakini mara moja tu, jioni, na baada ya hapo wanakaa na hasira wiki nzima.

"Tukiwafukizia ili tupime," nilisema, "itabidi tuwafukizie tena ili tufunge waya."

"Mara mbili sifanyi," alisema baba. "Mimi ni mtu mzima."

Kwa hiyo tulipima pande tatu za nje. Baba alifanya kazi reli maisha yake yote na anajiona mtu wa vipimo, kwa hiyo alishika mwanzo wa futi kamba na kunipigia kelele tangu hatua ya kwanza. Tulianza na korongo: kutoka barabarani hadi kisimani, mita sabini. Upande wa karanga, kutoka kisimani kurudi barabarani, mita tisini. Barabara yenyewe, mita themanini. Nilishangaa namba zilivyokaa vizuri. Baba hakushangaa. Alisema babu alilipima shamba lile kwa minyororo ya reli, na mtu wa reli hapimi vipande vipande.

Jumatatu asubuhi alikuja nami mjini, na jioni nilipotoka shuleni tulikwenda pamoja kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kanyenye, wanakokata seng'enge kwa mita. Baba alimwambia muuzaji, "Nikatie mita themanini."

"Subiri," nilisema. "Themanini umeitoa wapi?"

Baba alinitazama kwa huruma. "Upande mmoja sabini, upande mwingine tisini. Mstari unapita katikati yao. Katikati ya sabini na tisini ni ngapi?"

"Baba, huo ni wastani."

"Ndiyo. Mstari wa katikati, urefu wa katikati. Kwani Kiswahili kimebadilika?"

Muuzaji alikuwa ameshashika koleo. Nilimwomba kipande cha boksi na kalamu, nikachora pembetatu juu ya kaunta, kati ya misumari na vitasa.

"Mstari kama huu una kanuni yake. Unachukua upande wa korongo, unauzidisha kwa wenyewe. Sabini mara sabini, elfu nne na mia tisa. Unachukua mara mbili yake: elfu tisa mia nane. Upande wa karanga vilevile. Tisini mara tisini ni elfu nane na mia moja. Mara mbili yake, elfu kumi na sita mia mbili. Jumlisha."

"Elfu ishirini na sita," alisema muuzaji, ambaye hakuna aliyemuuliza.

"Toa barabara mara barabara. Themanini mara themanini, elfu sita mia nne. Inabaki elfu kumi na tisa mia sita. Gawa kwa nne: elfu nne mia tisa. Sasa tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata hiyo."

Muuzaji aliangalia mwanzo wa hesabu yangu. "Si ndiyo ileile ya korongo? Sabini."

"Sabini," nilisema. "Mstari ni mita sabini, sawa na korongo."

Baba alikunja mikono. Ukimwona baba amekunja mikono, ujue mazungumzo yamekwisha na kinachofuata ni hukumu. "Mstari unaopita kati ya sabini na tisini," alisema polepole, "hauwezi kuwa sabini. Hapo hauko kati, umehamia upande mmoja."

Nilijua kanuni haitamsaidia. Kanuni ni ya mtu aliyekwisha kubali. Kwa hiyo nilichukua boksi lingine.

"Baba, chukua shamba la pili linalolingana na hili, uligeuze, ulibandike ng'ambo ya barabara. Pande za barabara zigusane, lakini kisima cha pili kiwe chini kabisa, mkabala na hiki. Umeona? Sasa umepata umbo la pande nne. Mstari wetu ukiuendeleza moja kwa moja unatoka kisima cha juu, unapita kwenye kigingi, unafika kisima cha chini. Urefu wake umekuwa mara mbili."

"Naona."

"Wewe upo kisima cha juu, unataka kwenda kisima cha chini. Unaweza kupita pembeni: ufuate korongo mita sabini, halafu ukunje kona ufuate karanga za shamba la pili mita tisini. Jumla mia na sitini. Au ukate moja kwa moja. Njia ipi fupi?"

Mtu wa reli hawezi kujidanganya kwenye swali hilo. Alizifuata njia zote mbili kwa kidole juu ya boksi.

"Ya moja kwa moja."

"Kwa hiyo mstari mara mbili ni mfupi kuliko mia na sitini. Mstari mmoja?"

"Mfupi kuliko themanini," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeng'olewa jino. Muuzaji alicheka. Baba akamgeukia. "Haya, labda ni sabini na tisa. Nikatie themanini. Waya ukibaki hauozi."

Tulirudi Tura na mita themanini.

Tuliifanya kazi Jumamosi jioni iliyofuata. Baba alivaa koti la mvua, buti, na chandarua kichwani. Alionekana kama bibi harusi aliyetoroka kanisani. Mimi nilibeba kinyesi cha ng'ombe kikavu kinachofuka moshi kwenye kopo. Shangazi wote wawili walikaa mbali, barabarani, na viti vyao, kama watu waliokuja kuangalia mpira.

"Kaka, nyoosha!" alipiga kelele shangazi mkubwa.

"Imenyooka!" alijibu baba kutoka ndani ya chandarua.

Tulianzia kwenye kigingi. Baba aliburuta waya kuelekea kisimani, akiufunga kwenye nguzo moja baada ya nyingine, mimi nikimfuata na moshi. Chini ya mninga tulipita tukiwa tumeinama, tukinong'ona, tukaufunga waya kwenye shina, na nyuki walivuma juu yetu bila kushuka. Nguzo za mwisho, pale kisimani, alizipigilia mwenyewe, na waya ulipofika kwenye nguzo ya mwisho ulikuwa bado umebaki mkunjo mzima mkononi mwake.

Alisimama pale anautazama. Nilikuwa na futi kamba mfukoni. Sikuitoa. Kuna nyakati mtoto mwenye heshima hatoi futi kamba mbele ya mzazi wake. Yeye ndiye aliyenyoosha mkono akaiomba, akapima waya uliobaki, na akapata mita tisa na kitu.

"Hesabu yako ilisema itabaki kumi," alisema.

"Kwenye nguzo tumezungushia kidogo."

Alifikiri. "Ni kweli. Nguzo zinakula waya." Kisha akashusha sauti, nadhani ili barabarani wasisikie. "Ile ya shamba la pili, ya kuligeuza. Utanichorea tena nyumbani."

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Tulikuwa bado tunatoa miiba mikononi wakati shangazi mkubwa alipopendekeza kila mmoja azunguke eneo lake kulikagua. Yeye alipewa upande wa karanga, shangazi mdogo upande wa korongo. Waliondoka pamoja kwenye kigingi, mmoja kulia mmoja kushoto, wakifuata barabara, kisha mipaka ya pembeni hadi kisimani, kisha kushuka sambamba na waya. Nyuki walikuwa wametulizwa, kwa hiyo waliruhusiwa kupita chini ya mti kwa mwendo wa kanisani.

Shangazi mdogo alirudi kwenye kigingi. Akasimama. Akafuta jasho. Akachungulia. Dada yake alikuwa bado hajatokea. Akasubiri. Shangazi mkubwa alipotokea hatimaye chini ya mninga, akija bila haraka na khanga yake imekaa sawa safari hii, shangazi mdogo alikuwa ameshapata uchungu wote aliouhitaji.

"Kaka," alisema, "nimepunjwa."

"Umepunjwa vipi?"

"Nimezunguka shamba langu nimemaliza, nimepumzika, mwenzangu bado anatembea. Tuna miguu inayolingana. Kama mashamba yanalingana, kwa nini lake halimaliziki?"

Ilikuwa hoja nzuri kuliko nyingi ninazoletewa darasani. Na alikuwa sahihi katika alichokiona: mzunguko wake ulikuwa nusu ya barabara, korongo, na waya, jumla mita mia na themanini. Wa dada yake ulikuwa nusu ya barabara, karanga, na waya uleule, yaani mia mbili kamili.

"Shangazi, mzunguko si eneo," nilianza.

"Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na shamba."

Nilivua mshipi wa gauni langu, nikafunga ncha zake kwa fundo, nikautandaza chini kama duara. Kisha nikaubana ukawa mwembamba kama kamba ya viatu. "Angalia. Mzunguko ni uleule, lakini ndani pamebaki nafasi ya kuku mmoja aliyekonda. Shamba la dada yako ni refu, limechongoka. Lako limekaa vizuri. Barabara mmegawana sawa, arobaini kwa arobaini, na kisima kiko umbali uleule kutoka kwenye barabara kwa wote wawili, kwa sababu ni kisima kimoja na barabara moja iliyonyooka. Kitako sawa, kimo sawa, eneo sawa."

Shangazi mdogo alinisikiliza kwa upole mkubwa. Alinisaidia hata kufunga mshipi wangu. Kisha akamwambia baba, "Kaka, huyu mtoto anaongea vizuri sana. Lakini nimepunjwa."

Usiku ule hatukula vizuri. Wali ulikuwepo na kuku alikuwepo, ila kila mtu alikula akiangalia sahani ya mwenzake.

Aliyepata dawa alikuwa baba. Asubuhi, wakati wengine wanajiandaa kwenda ibadani, nilimkuta uani na msumeno na kipande cha plaiwudi kilichobaki tangu walipopiga dari ya kanisa. Alikuwa amechora pembetatu: sentimita moja kwa kila mita mbili. Thelathini na tano, arobaini, arobaini na tano. Aliikata, akatafuta katikati ya upande wa arobaini, akapiga mstari hadi pembe ya juu, akaupima. Thelathini na tano. Akanionyesha kwa kidole, kisha akaipasua pembetatu kwa kufuata mstari huo.

Baada ya ibada tulikwenda wote hadi dukani karibu na stesheni. Mwenye duka ana mizani ya zamani ya sahani mbili, anayopimia sukari na karanga, na watu wa Tura wana mashaka nayo kama watu wa kila mahali wanavyokuwa na mashaka na mizani ya dukani. Baba aliweka kipande cha shangazi mkubwa upande mmoja, kile kirefu, na cha shangazi mdogo upande wa pili.

Sahani ziliyumba. Kila mtu aliacha kupumua, pamoja na mteja mmoja aliyekuja kununua kiberiti. Sahani zikatulia, zimelingana.

"Badilisha," alisema shangazi mdogo.

Baba alibadilisha vipande. Sahani zikayumba tena, na safari hii upande mmoja ulikaa chini kidogo, unywele tu. Shangazi mdogo akakiinua kipande kilichozidi, akakigeuza, akaona sukari ya kaunta imeshika kwenye ukingo, akaipuliza, akakirudisha. Zikalingana.

"Haya," alisema. Alivipangusa vipande vyote viwili kwa khanga yake, kama vyombo. "Ni sawa. Dada, shamba letu ni sawa."

Nilipumua. Baba alipumua. Ndipo shangazi mkubwa, aliyekuwa kimya tangu jana, aliposema, "Ngoja kwanza."

Tukamgeukia.

"Kama ni sawa," alisema, "kwa nini mimi niwe na mpaka mrefu? Mwenzangu ana mpaka wa mita mia na themanini wa kulinda mbuzi wasiingie. Mimi mia mbili. Mavuno yaleyale, mbuzi wengi zaidi. Hii ndiyo haki?"

Mwenye duka aligeukia rafu zake akajifanya anapanga sabuni, mabega yanatikisika.

"Basi tubadilishane," alisema shangazi mdogo.

"Nibadilishe niwe karibu na korongo? Mvua ikinyesha?"

Walibishana njia nzima kurudi nyumbani, na nilitambua kwamba walikuwa wanafurahi. Ugomvi wa jana ulikuwa na sumu, kwa sababu mmoja alidhani mama yao amempenda mwenzake zaidi. Huu wa leo ulikuwa wa mbuzi. Hadi tunafika, walikuwa wamekubaliana kwamba shangazi mdogo atasaidia kupanda ua wa minyaa upande wa karanga kuzuia mbuzi, na asali ya mninga watarina pamoja, kwa kuwa waya umefungwa kwenye shina na hakuna anayejua nyuki wapo kwa nani.

Waya uliobaki walianikia nguo, hadi ulipochana khanga ya pili.

Baba ndiye aliyebadilika. Ile habari ya kuligeuza shamba na kulibandika ng'ambo ilimwingia kichwani kabisa. Niliambiwa anaichora kwenye ua wa kanisa baada ya ibada, kwa fimbo, akiwauliza wazee wenzake njia ipi ni fupi. Aliikariri kanuni yote, akanunua kikokotoo, na watu wenye mashamba ya pembe tatu, ambao sikujua kama ni wengi hivyo, wakaanza kumfuata.

Siku moja nikiwa ofisini kwa walimu alinipigia simu. Alikuwa na hasira.

"Kikokotoo chako kibovu."

"Ni chako, baba. Kimefanya nini?"

"Kimegoma. Kimeandika maneno ya Kizungu. Nimefanya kila kitu sawa. Upande mmoja thelathini, wa pili arobaini, wa chini tisini. Nimejumlisha, nimetoa, nikapata namba yenye alama ya kutoa mbele. Nikabonyeza kipeuo, kikagoma."

Nilifanya hesabu kichwani. Mara mbili ya mia tisa, mara mbili ya elfu moja mia sita, jumla elfu tano. Ukitoa elfu nane mia moja, umeingia kwenye hasi.

"Baba, kikokotoo ni kizima. Thelathini na arobaini ni sabini. Ukizilaza pande hizo mbili juu ya ile ya tisini, hazifiki hata kugusana. Shamba la namna hiyo halipo."

Nilisikia akitembea kwenye majani.

"Halipo vipi," alisema baba, "wakati nimesimama ndani yake, na mahindi yananifika kiunoni?"

Nilimwomba aangalie futi kamba. Nilisikia akiivuta, nikamsikia akimwuliza mtu kitu, kisha nikamsikia akiguna. Upande wa chini, mwenye shamba alikuwa amepima mwenyewe, na alikuwa ameusoma upande wa nyuma wa kamba, wenye futi. Tisini zake zilikuwa futi tisini, yaani mita ishirini na saba na kidogo.

Alirudia hesabu nikiwa bado kwenye simu, akitaja kila hatua kwa sauti ya stesheni ili mwenye shamba naye asikie. Alipata mita thelathini na mbili na nusu na ushee.

"Ni sahihi," nilisema.

"Najua ni sahihi. Sikuuliza." Nyuma yake nilisikia mtu akimkaribisha akae, baba akasema asante, akauliza kama chai ina maziwa, na simu ikakatika.